Klipu ya wimbo wa ibada kwenye YouTube: Nani anapaswa kutoa ruhusa?

Kwaya nyingi za Haut-Katanga haziimbi tena kwa ajili ya watu waliomo kanisani peke yao. Siku hizi wimbo unaotoka vizuri hupigwa filamu, hukatwa kwenye simu au kompyuta, kisha huwekwa kwenye YouTube ili ndugu walioko Lubumbashi, Kolwezi, Ndola au Ubelgiji nao wausikie. Hata Kilwa, kando ya ziwa Moero katika teritware ya Pweto, kijana mwenye simu nzuri na megabaiti za kutosha anaweza kuifungulia kwaya yake chaneli kwa siku moja.

Shida huja baadaye. Klipu inaondolewa bila onyo la mtu yeyote. Au inabaki, lakini matangazo yanapita juu yake na pesa zinakwenda kwa kampuni ambayo kwaya haijawahi kuisikia. Mara nyingi viongozi wa kwaya hujibu kwamba wimbo ni wa Mungu, kwa hiyo hauna mwenyewe. Mbele ya sheria jibu hilo halitoshi. Wimbo wa ibada una wenyewe kama wimbo wowote mwingine, na mara nyingi wako wengi kuliko watu wanavyodhani.

Mfano ulio karibu zaidi unatoka Katanga yenyewe. Mwaka 1958, huko Kamina, kwaya ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin iliimba misa ambayo leo inajulikana dunia nzima kwa jina la Missa Luba. Kwaya hiyo ilianzishwa na padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen. Maneno yalikuwa yale ya Kilatini ya misa ya Kikatoliki, lakini sauti, mwendo na ngoma vilikuwa vya hapa. Mwaka uleule kwaya ilisafiri Ulaya na kuimba kwenye maonyesho ya kimataifa ya Brussels. Misa ikarekodiwa, na sahani zikatoka chini ya jina la kampuni ya Philips. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, Sanctus ya misa hiyo ilisikika ndani ya filamu ya Kiingereza iitwayo if...., na watu wengi wa Ulaya waliijua Missa Luba kwa njia ya sinema, si kwa njia ya kanisa.

Sasa tuseme kwaya ya parokia moja ya Kilwa inataka kuimba Sanctus hiyo, kuipiga filamu kando ya ziwa na kuiweka kwenye YouTube. Inapaswa kuomba ruhusa kwa nani?

Tuanze na maneno. Maneno ya Sanctus ni sala ya kale ya Kanisa, na hakuna mtu anayeweza kuyadai kuwa mali yake. Hapo hakuna ruhusa inayohitajika.

Jambo la pili ni utunzi na mpangilio wa sauti. Misa ile ilizaliwa kwa kuimba pamoja, vijana wakitafuta sauti zao ndani ya mitindo ya muziki wa nyumbani, kabla haijaandikwa kwa nota. Hata hivyo, jina lililobaki juu ya vitabu vya nota na juu ya sahani ni la padri Haazen. Sheria ya Congo kuhusu haki za watunzi, yaani amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Padri Haazen alikufa mwaka 2004. Kwa hesabu hiyo, kazi iliyoandikwa kwa jina lake inalindwa hapa Congo hadi 2054. Katika nchi za Ulaya, ambako muda ni miaka 70, ulinzi unafika 2074. Kwa kuwa klipu ya YouTube inaonekana pande zote mbili, kwaya haiwezi kuhesabu miaka ya Congo peke yake.

Jambo la tatu ni rekodi. Sauti zilizonaswa mwaka 1958 ni kitu tofauti na utunzi. Kama kwaya ya Kilwa inaimba yenyewe kwa ngoma zake, rekodi ya zamani haiihusu. Lakini kama inaweka sahani ya zamani ichezwe huku waimbaji wakifungua midomo tu, yaani plebaki, basi inatumia mali ya mwenye rekodi pia, na ruhusa ya mtunzi peke yake haitaikinga.

Kazi hiyo hiyo inafundisha jambo jingine linalogusa kila kwaya. Wale vijana na walimu wa Kamina walioitafuta sauti ile hawaonekani kwenye hesabu ya haki. Kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Kwaya isiyoandika leo nani alitunga maneno, nani alitunga sauti na nani aliimba inaweza kujikuta baada ya miaka mingi ikisikia wimbo wake ukiwa na jina la mtu mwingine, bila karatasi ya kuonyesha mahali popote.

Kuna nyimbo ambazo watu huziona kuwa za zamani sana, kwa hiyo huru, kumbe sivyo. Wimbo unaojulikana kwa Kiingereza kama How Great Thou Art, ambao makanisa mengi ya Kiswahili huuimba kwa jina la Bwana Mungu Nashangaa Kabisa, ni mfano mzuri. Shairi lake la kwanza liliandikwa kwa Kiswidi na Carl Boberg mwaka 1885, naye alikufa mwaka 1940. Sehemu hiyo imekwisha kuwa huru. Lakini maneno ya Kiingereza yaliyoeneza wimbo huo duniani ni ya mmisionari Mwingereza Stuart Hine, aliyekufa mwaka 1989. Hapa Congo maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2039, na Uingereza hadi mwisho wa 2059. Tafsiri nayo ni kazi yenye haki zake, kwa hiyo anayeimba kwa Kiswahili au Kibemba anapaswa kuuliza pia tafsiri hiyo imetoka wapi. Njia rahisi ya kuanza ni kufungua kitabu cha nyimbo na kusoma maandishi madogo chini ya wimbo au kwenye kurasa za mwanzo. Huko mara nyingi kuna jina la mtunzi, la mfasiri na la mchapishaji, na huyo mchapishaji ndiye wa kuandikiwa barua.

Watu wengi huuliza: mbona kwaya huimba nyimbo hizi kila Jumapili na hakuna anayelalamika, kwa nini filamu iwe kesi? Ni kwa sababu kuimba kunapita na kuisha, lakini filamu inabaki. Mara wimbo unapofungwa pamoja na picha, kinachohitajika ni ruhusa ya pekee: ruhusa ya kuunganisha muziki na picha. Ruhusa hiyo haimo ndani ya leseni ya kuimba mbele ya watu. Haimo pia ndani ya CD iliyonunuliwa kihalali, wala ndani ya wimbo uliopakuliwa kwa kulipa. Anayenunua CD amenunua nafasi ya kuisikiliza tu.

Wajerumani walilijua hilo kwa njia ngumu mwaka 2021. Wimbo Jerusalema wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, wenye maneno ya maombi, ulikuwa umeenea dunia nzima wakati wa korona. Wauguzi, zimamoto na polisi wa Ujerumani walijipiga filamu wakiucheza ili kutiana moyo, wakaweka klipu kwenye mtandao. Hawakuuza kitu. Hata hivyo, mapema mwaka huo, kampuni ya Warner Music iliwaandikia baadhi yao ikidai malipo kwa kutumia wimbo ndani ya video. Wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la Rhine Kaskazini-Westfalia ilikubali kulipa kwa ajili ya klipu za polisi wake. Nia njema haikusaidia, na kutotafuta faida hakukusaidia.

Hapa Congo, mlango wa kwanza wa kubisha kuhusu nyimbo za watunzi wa nchi ni SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA ya zamani. Makao yake yako Kinshasa. Kazi yake ni kusimamia kazi za watunzi waliojiandikisha kwake na kukusanya malipo kwa niaba yao. Hapo pana mpaka ambao kwaya inapaswa kuujua. Mtunzi asiyejiandikisha, kwa mfano mwalimu wa kwaya wa parokia ya jirani aliyetunga wimbo mzuri ukasambaa, hayumo mikononi mwa SOCODA. Huyo anaombwa yeye mwenyewe. Kwa nyimbo nyingi zinazoimbwa Kilwa, Kasenga au Pweto, njia fupi zaidi ni kumpigia simu mtunzi na kumwomba aandike.

Na ni lazima aandike. Neno la mdomo baada ya misa, hata likitoka kwa rafiki, halimzuii mtunzi kubadili mawazo klipu inapopata watazamaji wengi. Barua ya kutosha ni ukurasa mmoja. Inataja jina la wimbo na la mtunzi. Inasema wazi kwamba ruhusa ni ya kuuimba, kuurekodi na kuuweka ndani ya video. Inataja chaneli ya YouTube kwa jina, na kusema kwamba video itaonekana nchi zote. Inaeleza muda: mwaka mmoja, miaka mitano au bila mwisho. Inaeleza pesa: kama ni bure iandikwe ni bure, na kama matangazo yataleta kitu iandikwe nani atapata kiasi gani. Mwisho kuna tarehe, sahihi ya mtunzi na ya kiongozi wa kwaya, na kila mmoja anabaki na nakala.

Karatasi ya namna hiyo inahitajika pia ndani ya kwaya yenyewe, hata kama wimbo ni wake. Mwenye kamera akipewa pesa ya kazi bila maandishi, anaweza kudai kwamba picha ni zake na kuziweka kwenye chaneli yake. Mwenye studio aliyepiga kinanda na kupanga sauti anaweza kusema ile rekodi haitoki bila yeye. Waimbaji watu wazima wakubali kwa maandishi kuonekana, na kwa watoto wazazi ndio wanaotia sahihi. Kanisa ni mahali pa watu wote kuingia, lakini si mahali pa mtu yeyote kufanyia filamu. Kwa hiyo padri au mchungaji wa mahali aulizwe kabla ya siku yenyewe, hasa kama picha zitachukuliwa wakati wa ibada.

Kuna ruhusa nyingine ambayo kwaya husahau, na hiyo haihusu mali ya mtu bali inahusu Serikali. Dekreti ya 1996 iliunda tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho, na inataka nyimbo zipite mbele ya tume hiyo kabla ya kutangazwa kwa watu. Wengi waliikumbuka Novemba 2021, wakati tume ilipopiga marufuku wimbo Nini Tosali Te wa kikundi cha MPR na wimbo mmoja wa Bob Elvis, zote zikiwa zinawakosoa watawala. Kelele zilikuwa kubwa, na marufuku ya wimbo wa MPR iliondolewa upesi. Zile hazikuwa nyimbo za ibada, na marufuku ililenga hasa redio na televizio. Lakini somo linabaki kwa kwaya inayotaka klipu yake ipite pia kwenye televizio ya Lubumbashi: ruhusa ya mtunzi haichukui nafasi ya ile ya tume, wala ile ya tume haichukui nafasi ya mtunzi. Ni milango miwili tofauti.

Baada ya hayo yote inabaki YouTube yenyewe, ambayo haijui SOCODA wala parokia. Ina mashine inayoitwa Content ID, inayolinganisha sauti ya kila video na rekodi ambazo makampuni yamezipeleka. Wakati wa kupandisha video, kwenye hatua iitwayo Checks, mashine huonyesha kama imetambua kitu. Ikitambua baada ya hapo, neno Copyright hutokea karibu na video ndani ya YouTube Studio.

Mengi huharibika kwa sababu watu huchanganya mambo mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza ni dai la Content ID. Hilo huja lenyewe kutoka kwenye mashine. Kwa kawaida video inabaki, lakini mwenye haki anaweza kuchukua pesa za matangazo au kuizuia katika nchi fulani. Dai hilo halihesabiwi kuwa kosa la chaneli. La pili ni onyo la hakimiliki, linalokuja mwenye haki anapoandika rasmi kuomba video iondolewe. Video huondoka, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima pamoja na video zake zote, hata zile ambazo hazina tatizo.

Kwaya yenye barua mkononi inaweza kujitetea. Ikipinga dai la Content ID, aliyedai ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza dai linaanguka. Kwa onyo, kwaya inaweza kupeleka pingamizi rasmi, na mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba ameanza hatua za kisheria. Lakini pingamizi ni maandishi ya kisheria yenye jina na anwani ya anayepinga, na hupelekwa kwa mdai. Asiye na karatasi asijaribu. Kuandika chini ya video kwamba haki zote ni za mwenyewe, au kwamba hakuna nia ya kuiba, hakubadilishi chochote. Kutaja jina la mtunzi ni heshima, lakini si ruhusa.

Wako watakaosema kwamba maelfu ya kwaya huweka nyimbo za wengine na hakuna kinachotokea. Ni kweli kwa sehemu. Wachapishaji wengi wamekubaliana na YouTube, nao huona ni afadhali kuiacha video na kuchukua pesa zake kuliko kuiondoa. Lakini huo ni uvumilivu wa mwenye mali, naye anaweza kuuondoa siku yoyote. Tena hauna nguvu kwa watunzi wadogo wasio na mchapishaji. Hao hawana mashine ya kudai. Wana malalamiko tu, na kwa sehemu kubwa malalamiko hayo huishia mezani kwa paroko.

Mtego unaokamata kwaya nyingi kuliko yote ni muziki wa kinanda uliopakuliwa bure kwenye mtandao, ambao waimbaji huimba juu yake. Wimbo unaweza kuwa huru kabisa, mtunzi akiwa amekufa miaka 100 iliyopita, lakini muziki ule ulipigwa na mtu mwaka juzi na kampuni yake imeupeleka kwenye Content ID. Dai likifika, kwaya hushangaa: wimbo wa mababu umepataje mwenyewe? Jibu ni kwamba kilichodaiwa si wimbo, ni rekodi. Kwaya yenye ngoma zake, mpiga kinanda wake na barua ya mtunzi wake inaukwepa mtego huo bila kulipa hata franka moja.

Kwa kwaya ya Kilwa inayoitaka Sanctus ya Kamina, basi, hesabu ni hii. Maneno ni huru. Iimbe yenyewe, kwa ngoma zake, isiguse sahani ya 1958. Kwa mpangilio wa sauti, imwandikie mchapishaji ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha nota, na ingoje jibu kabla ya kuita mwenye kamera. Jibu likichelewa au bei ikiwa kubwa, kuna njia nyingine iliyo halali kabisa: sala ileile ya Kilatini, yenye sauti mpya iliyotungwa na watu wa Kilwa wenyewe. Safari hii majina yao yaandikwe kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.